Siku 21 za konje: Kuruka inchi ine ao kubakia mu moja?

Mtu wa Mabanga anayepata konje ya wiki tatu, na ambaye ameweka pesa pembeni kwa ajili ya safari, anakutana haraka na ulizo moja. Apite Kigali, Kampala, Nairobi, Mombasa na Zanzibari, ili akirudia aseme ameona inchi ine? Ao achague inchi moja na kukaa humo mpaka aijue kidogo? Wengi wanajibu kwa roho tu. Lakini kuna njia ya kujibu kwa hesabu, na matokeo yake hayafanani na yale ambayo watu wanazoea kusema.

Makala hii inachukua mfano wa msafiri mmoja anayetoka Mabanga kwa njia ya barabara, na kupima mipango mitatu siku kwa siku. Mpango wa kwanza ni wa inchi ine. Wa pili ni wa Tanzania peke yake, kutoka magharibi mpaka baharini. Wa tatu ni wa Tanzania pia, lakini sehemu yake moja tu.

Kwa nini inchi moja isiwe Congo yenyewe

Hilo ndilo ulizo la kwanza ambalo mtu angeuliza. Congo ni kubwa kuliko zile inchi ine zikiunganishwa pamoja, na mtoto wa Goma anaweza kuzeeka bila kuona Kisangani, Mbandaka ao Matadi. Lakini kwa mtu wa Goma, inchi yake ndiyo ngumu zaidi kutembelea. Hakuna barabara inayopitika mpaka Kinshasa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025 wakati vita ilipofika mjini. Hata kwenda Beni, ambayo iko mu jimbo moja na Goma, watu wengi wamelazimika kupitia Rwanda na Uganda, kiisha kuingilia Kasindi. Ndiyo maana hesabu ya hapa inaanzia pa Petite Barrière.

Kanuni ya kuhesabu

Ili kulinganisha mipango bila kujidanganya, inafaa kuwa na kanuni moja rahisi. Siku ambayo msafiri anaamka mji mmoja na kulala mji mwingine ni siku ya barabara. Siku ambayo anaamka na kulala mahali pamoja ni siku ya kukaa. Usiku wa ndani ya basi unahesabiwa kuwa barabara, na asubuhi ya kufika pia, sababu mtu aliyekesha kwenye kiti hana macho ya kutembelea kitu.

Kanuni hii inaweza kuonekana kali. Mtu anayetoka Daressalamu kwenda Zanzibari kwa boti anatumia karibu saa mbili tu majini. Lakini tuongeze kufunga mizigo, kuondoka hoteli, kungoja bandarini, kushuka, kukaguliwa, kutafuta pa kulala na kupatana beyi. Kufikia wakati huo jua limekwisha kuinama. Ndiyo maana siku hiyo inawekwa upande wa barabara.

Mpango wa kwanza: inchi ine

Siku ya 1 msafiri anavuka mpaka, anachukua basi Gisenyi na kufika Kigali, kilometa kama 155 za milima. Siku ya 2 na ya 3 anakaa Kigali. Siku ya 4 anapanda basi la Kampala kupitia Gatuna, kilometa zaidi ya 500, na siku nzima inaisha. Siku ya 5 na ya 6 yuko Kampala. Siku ya 7 jioni anachukua basi la usiku la Nairobi kupitia Busia ao Malaba, anaamshwa usiku kati ili apigishe muhuri, na kufika siku ya 8 akiwa na macho mekundu. Siku ya 9 anaona Nairobi.

Siku ya 10 anachukua treni ya Mombasa, ile reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017. Siku ya 11 na ya 12 yuko Mombasa. Siku ya 13 anashuka na basi kupitia Lunga Lunga na Tanga mpaka Daressalamu. Siku ya 14 anapumzika hapo. Siku ya 15 anavuka kwenda Zanzibari, anakaa siku ya 16 na ya 17, na siku ya 18 anarudia Daressalamu. Siku ya 19 na ya 20 yuko ndani ya basi la Kigali, linalopita Dodoma, Kahama na mpaka wa Rusumo. Siku ya 21 anaingia Goma.

Hesabu inatoa siku 11 za barabara na siku 10 za kukaa. Hizo 10 zimegawanyika mu miji sita, na hakuna mji unaopata zaidi ya siku mbili. Mipaka ni sita na mihuri ya pasipoti ni 12, kuanzia ule wa kutoka Congo mpaka ule wa kurudi.

Mpango wa pili: Tanzania yote

Mtu anayesikia hesabu hiyo anasema: basi tubakie Tanzania, tuone yote. Na kwa mtu wa Kivu kuna sababu nzuri ya kuchagua inchi hiyo. Lugha ni ileile. Tena kuna njia moja ya zamani inayounganisha Tanzania na Congo, yaani njia ya misafara ya karne ya 19. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji pembeni ya ziwa Tanganyika, kiisha ikavuka ziwa kuelekea Kasongo na Nyangwe mu Maniema. Kiswahili kilikuja kwetu kwa njia hiyo, pamoja na pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Kufuata njia hiyo kinyume, kutoka ziwani mpaka baharini, ni mpango unaoeleweka.

Tuuandike. Siku ya 1, Kigali. Siku ya 2, Rusumo mpaka njia panda ya Nyakanazi. Siku ya 3, Kibondo, Kasulu na Kigoma. Siku ya 4, ya 5 na ya 6, Kigoma na Ujiji. Siku ya 7, treni ya Tabora. Siku ya 8 na ya 9, Tabora. Siku ya 10, basi la Dodoma. Siku ya 11, treni ya umeme mpaka Daressalamu, ambayo tangu mwaka 2024 inamaliza njia hiyo kwa saa chache tu. Siku ya 12, Daressalamu. Siku ya 13, Bagamoyo, na siku ya 14 kukaa hapo. Siku ya 15, Zanzibari, na siku ya 16 na ya 17 kukaa. Siku ya 18, kurudi Daressalamu. Siku ya 19 na ya 20, basi la Kigali. Siku ya 21, Goma.

Hesabu inashangaza. Siku za barabara ni 12 na za kukaa ni 9. Msafiri wa inchi moja amekaa barabarani kuliko yule wa inchi ine! Kweli amepunguza mipaka, toka sita mpaka ine, na mihuri toka 12 mpaka nane. Lakini hakupunguza uchovu. Alibadilisha tu majina ya vituo.

Hapo ndipo watu wengi wanakosea. Kinachokula konje ni mara ngapi mtu anahama, na kila kuhama ni kilometa ngapi. Idadi ya inchi inakuja nyuma. Tanzania ni kubwa. Kutoka Kigoma mpaka Daressalamu kwa reli ya zamani ni kilometa kama 1.250. Anayeimaliza yote kwa siku 21 anaruka-ruka sawa na yule mwingine, isipokuwa anafanya hivyo chini ya bendera moja.

Mpango wa tatu: kona moja tu

Mpango wa tatu unakata ule wa pili katikati. Msafiri anaacha bahari. Anabakia magharibi, na vituo viwili tu: Kigoma na Tabora.

Siku ya 1 mpaka ya 3 ni zilezile: Kigali, Nyakanazi, Kigoma. Kuanzia siku ya 4 mpaka ya 10 anakaa Kigoma, siku saba nzima. Siku ya 11 anachukua treni ya Tabora. Kuanzia siku ya 12 mpaka ya 17 anakaa Tabora, siku sita. Siku ya 18 anapanda kwenda Kahama, siku ya 19 anavuka Rusumo na kulala Kigali, siku ya 20 anafika Goma. Siku ya 21 ni akiba.

Siku za barabara ni saba, za kukaa ni 13, na moja imebakia mkononi. Hiyo siku moja ina kazi. Saa za kufunga mpaka wa Goma na Gisenyi zimebadilika mara nyingi miaka hii, na mtu anayefika Gisenyi akiwa amechelewa analala huko. Katika mipango miwili ya kwanza hakuna siku ya akiba, na kuchelewa kokote kunamkuta mtu akiwa angali njiani wakati kazini wanamungoja.

Siku saba za Kigoma zinafanya nini

Mtu anaweza kuuliza: siku saba mahali pamoja, si utachoka? Jibu liko mu samaki.

Sambaza wanaokaangwa Goma kila jioni si samaki wa asili ya ziwa Kivu. Walitolewa ziwa Tanganyika na kuwekwa mu Kivu karibu na mwisho wa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Kule Kigoma wenyewe wanaitwa dagaa, na uvuvi wao ni uleule: mitumbwi inatoka usiku na taa, samaki wanafuata mwangaza, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazina nguvu, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi wanabakia nchi kavu kutengeneza nyavu. Msafiri wa siku moja akifika wakati wa mbalamwezi, ataona fukwe bila samaki na kusema Kigoma hakuna kitu. Wa siku saba ataona mwezi unavyoanza kuchelewa kutoka, mitumbwi inavyorudi majini, na beyi ya dagaa inavyoshuka sokoni. Wote wawili wamefika pahali pamoja, lakini hawakuona kitu kimoja.

Ndivyo ilivyo kwa mambo mengine pia. Ujiji, kilometa chache kutoka Kigoma, kuna ukumbusho pa mahali Stanley alimukuta Livingstone mwaka 1871; kuutembelea kunachukua saa moja. Lakini Ujiji ni mji wa watu, na wengi wao babu zao walitoka ngambo ya ziwa, yaani Congo. Kujua hilo kunaomba kukaa kwenye baraza, kunywa kahawa mara mbili ao tatu na watu walewale, mpaka mmoja aanze kuuliza: "Wewe kwenu wapi?"

Pale bandarini msafiri anaweza pia kuuliza habari za meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande-vipande na kuunganishwa Kigoma kwa jina la Graf von Götzen. Ni jina la yule Mjerumani aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na ilianza tena kazi mwaka 1927.

Na Tabora? Mkongomani anayefika pale ana historia yake pia. Mwezi wa tisa 1916, mu vita ya kwanza ya dunia, jeshi la Congo ya Wabelgiji, lililojaa askari wa kikongomani, liliingia Tabora na kuitoa mikononi mwa Wajerumani. Kigoma ilikuwa imekwisha kuchukuliwa mwezi wa saba. Miaka 23 mbele yake, mwaka 1893, mtemi Isike wa Unyanyembe aliwasha baruti ya ngome yake na kujilipua humo kuliko kukamatwa na Wajerumani haohao. Pembeni ya mji, Kwihara, kuna nyumba ambamo Livingstone alikaa miezi ya 1872 akingoja wachukuzi. Hayo yote yanatembelewa kwa mguu, pikipiki ao daladala, bila kubadilisha hoteli.

Mahali safari inaharibikia

Kasoro ya kwanza inatoka kwenye treni. Treni ya zamani kati ya Kigoma na Tabora haitoki kila siku, na inaweza kuchelewa. Katika mpango wa pili, treni ikikosekana siku ya 7, kila kitu kinachofuata kinasukumwa: basi la Dodoma, tikiti ya Daressalamu, boti ya Zanzibari. Katika mpango wa tatu msafiri anauliza siku za treni mara tu anapofika Kigoma, kiisha anachagua kukaa siku sita ao nane. Hakuna kinachovunjika.

Ya pili ni saa. Rwanda na Goma wako na saa moja. Uganda, Kenya na Tanzania ziko mbele kwa saa moja. Anayevuka Rusumo bila kusogeza saa yake anafika kwenye basi la asubuhi akikuta limekwisha kuondoka. Na magari kule yanapita upande wa kushoto. Mtu wa Goma anayevuka barabara akiangalia upande aliozoea anaweza kugongwa.

Ya tatu ni pesa. Goma mtu ananunua kwa franka ao dola bila shida. Tanzania iliweka kanuni mwezi wa tatu 2025 inayokataza kutaja beyi na kulipwa kwa pesa za kigeni ndani ya inchi, kwa hiyo ni shilingi tu. Tuseme kila kubadilisha pesa kunakula tatu kwa mia. Dola 100 zilizogeuzwa kuwa franka za Rwanda, kiisha shilingi za Uganda, kiisha za Kenya, kiisha za Tanzania, zinabakia kama 88 na nusu. Zikigeuzwa mara moja tu, zinabakia 97. Kwa mtu anayetembea na dola 600, tofauti inafika dola 50 hivi, na hajakula wala kulala. Basi, kwa Rwanda abadilishe kidogo tu ya basi, chakula na usiku mmoja. Noti zilizochanika ao za zamani sana aziache nyumbani. Na M-Pesa ya Congo si ile ya Kenya wala ya Tanzania, hata kama jina ni moja.

Ya ine ni karatasi. Ile karatasi ya kuvukia ya siku moja inafaa Gisenyi, haifai Rusumo. Kwa safari hizi zote mtu atembee na pasipoti. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka 2023 Kenya na Tanzania ziliondoa viza kwa Wakongomani. Lakini kuondolewa viza hakuondoi muhuri. Pa mpaka, msafiri asome hapohapo hesabu ya siku alizoandikiwa, sababu kuzipitisha kunaleta malipo na matata.

Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano inaombwa pia kwa anayetoka Congo. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 kiisha kudungwa, kwa hiyo kuchanjwa siku moja mbele ya safari hakusaidii. Mwenye kadi ya zamani asilipe tena, maana tangu mwezi wa saba 2016 kadi inafaa kwa maisha yote.

Upande wa Kigoma kuna jambo lingine la kuangalia. Kambi ya Nyarugusu, karibu na Kasulu, imekaa na wakimbizi Wakongomani tangu mwaka 1996. Kwa sababu hiyo, mabasi ya njia ile yanaweza kusimamishwa na abiria kuulizwa karatasi. Pasipoti ikae mfukoni, si ndani ya mzigo juu ya basi. Na mwenye ndugu kambini asiende tu na kubisha mlangoni: kuingia kambini kunaomba ruhusa ya serikali, na ni lazima kuitafuta mbele ya safari.

Kuna na njia fupi inayovutia kwenye ramani: Kigali, Bujumbura, Kigoma. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda mwezi wa kwanza 2024, ndiyo sababu mipango ya hapa inazungukia Rusumo. Mambo ya mipaka yanageuka. Mpaka wa Gatuna ulifungwa mwezi wa pili 2019 na kufunguliwa mwezi wa kwanza 2022. Ule wa Goma na Gisenyi ulifungwa kwa muda mwezi wa nane 2019 sababu ya Ebola, na tena mwaka 2020 sababu ya Covid. Kila mpaka unaoongezwa mu safari ni mlango mmoja zaidi ambao mtu mwingine ana ufunguo wake.

Wakati kuruka inchi kunashinda

Haimaanishi kwamba mpango wa inchi nyingi ni wa wajinga. Kuna watu watatu ambao unawafaa kweli.

Wa kwanza ni yule ambaye ndugu zake wametawanyika. Miaka hii, familia moja ya Mabanga inaweza kuwa na dada Kigali, kaka Kampala na mama mdogo Nairobi. Mtu huyo hatembelei miji, anatembelea watu. Kwa yeye siku mbili pa kila nyumba zina uzito, na analala bure. Lakini hata yeye atapata faida akiishia Nairobi na kurudi njia ileile, kuliko kuongeza Mombasa na Zanzibari ili kutimiza hesabu ya majina.

Wa pili ni mchuuzi anayetaka kulinganisha beyi na kujua mzigo unapitia wapi. Kazi yake ni kuona masoko mengi kwa haraka, na siku moja sokoni inaweza kumutosha.

Wa tatu ni yule ambaye hajawahi kutoka na hajui anapenda nini. Huyo achukue inchi mbili zinazogusana, kwa mfano Rwanda na Uganda: Kigali, Kabale, Mbarara, Kampala. Kutoka kituo kimoja mpaka kingine ni saa chache tu, na ile safari ya basi ya usiku haipo. Akitumia kanuni ya siku za barabara, na akikaa siku tatu ao ine pa kila kituo, ataona mwenyewe kwamba inchi mbili za karibu zinaweza kumuchosha kidogo kuliko inchi moja kubwa.

Na anayetaka bahari kwa nguvu zote? Aende moja kwa moja, asipite kwingine. Siku tatu za kufika Daressalamu, mbili za kupumzika hapo, moja ya kuvuka, sita za kukaa Zanzibari, moja ya kwenda Bagamoyo, ine za kukaa hapo, moja ya kurudi Daressalamu na tatu za kurudi Goma. Hizo ni siku tisa za barabara na 12 za kukaa. Si vibaya. Aulize tu mapema kuhusu bima ya dola 44 ambayo Zanzibari iliwawekea wageni tangu mwezi wa kumi 2024, na ajue kwamba tikiti ya boti ya mgeni inauzwa beyi kuliko ya raia. Akitembea Mji Mkongwe ataonyeshwa nyumba ya Tippu Tip, aliyefia humo mjini mwaka 1905. Mtu wa Maniema ao wa Kivu anaitazama nyumba hiyo kwa macho yake mwenyewe, sababu anajua mali iliyoijenga ilitoka wapi.

Kabla ya kulipa tikiti

Mwenye konje mkononi achukue karatasi na kuandika namba 1 mpaka 21, moja chini ya nyingine. Mbele ya kila namba aandike mji wa kuamkia na mji wa kulala. Majina yakiwa mawili, aweke alama ya barabara. Kiisha ahesabu. Zikipita kumi, mpango ni wa kubeba mizigo, hata kama ni ndani ya inchi moja. Njia ya kuurekebisha ni kufuta kituo kimoja na siku zake kuzipa jirani yake, kiisha kuhesabu tena, mpaka siku za kukaa zishinde na siku ya 21 ibakie bila jina la mji.

Kufuta kituo kunauma. Ni vigumu kuacha Zanzibari wakati uko Tabora na reli iko pale inaelekea baharini. Lakini bahari itakuwa pale konje nyingine. Na yule aliyekaa siku 13 magharibi anarudi Mabanga akijua mwezi gani unafukuza samaki, nani mu Ujiji ana babu Kasongo, na mlango wa nani anaweza kubisha siku atarudi.